Rula Ilisema 120

Pleti yenyewe ni duara la chuma lenye kipenyo cha milimita 285 na unene wa milimita 20. Uzito wake unakaribia kilo 10, kwa hiyo mtu mmoja anaibeba kwapani bila shida. Inafunika mdomo wa kisima kirefu na kubeba kila kinachoning'inia ndani yake: bomba la kupandishia maji, pampu ya kuzama na waya wake wa umeme. Kisima kilikuwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, njia ya Singida. Pleti ilikuwa inatengenezwa kwenye karakana hapa Dodoma mjini, upande wa Kizota, ambako mimi nilikuwa nakaa ofisini kupiga hesabu za vifaa. Meza iliyotazamana na yangu alikaa mchoraji wetu wa michoro, binti wa miaka 23 aliyekuwa na miezi mitano tu kazini. Nitamwita Rehema, ingawa hilo si jina lake.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa dogo mno, alama moja tu mbele ya namba, na kila tulipolikagua kwa njia ya haraka lilijibu kwamba liko sawa. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi.

Kisima kilivishwa kesingi ya chuma ya inchi 6, bomba ambalo kipenyo chake cha nje ni milimita 168.3. Juu ya kesingi imechomelewa flenji, ule mduara mpana wenye matundu ya bolti kuzunguka. Pleti yetu inakaa juu ya flenji hiyo, kati yao gasketi, halafu bolti nane za M20 zinazibana pamoja. Katikati ya pleti linapita bomba la inchi 2 linaloshuka hadi kwenye pampu, nalo linachomelewa kwenye pleti. Ukijumlisha bomba la mita 90, maji yaliyomo ndani yake, pampu na waya, unapata karibu kilo 700 zilizoshikiliwa na kile kipande cha chuma cha kilo 10.

Matundu ya bolti hupangwa juu ya mduara wa kufikirika ambao hauchongwi popote. Upo kwenye mchoro kwa mstari wa vikato tu, na unapita katikati ya kila tundu. Ndio tunaouita mduara wa bolti. Ukikosea ukubwa wake, matundu yote nane yanakosea kwa pamoja, na yanakosea kwa mpangilio mzuri kabisa: nafasi kati yao ni sawa, umbo linapendeza, na macho hayaoni kasoro.

Kwenye mchoro wetu kulikuwa na mshale unaogusa tundu moja, na pembeni maandishi haya:

```
8 x Ø22 KWENYE Ø120
```

Maana yake ni matundu nane yenye kipenyo cha 22, yaliyopangwa kwenye mduara wenye kipenyo cha 120. Aliyeuchora ni kaka mwenzetu mwenye uzoefu wa miaka mingi, na siku hiyo ya Alhamisi alikuwa safarini kwenye msiba. Mchoro ulikwishashuka karakana asubuhi. Gari la kwenda Bahi lilipangwa kuondoka Ijumaa alfajiri.

Saa nne hivi fundi wa eneo la kazi akapiga simu akasema mchoro umesahau tundu la kupitishia waya wa pampu. Rehema akapewa kazi hiyo, na ilikuwa hiyo tu: ongeza tundu la milimita 30, andika kwamba ni toleo la pili, chapa, peleka chini. Dakika kumi, tulidhani.

Tundu la waya halikai popote tu. Likisogea sana katikati linagusa mchomeleo wa bomba la maji, na likisogea sana nje waya unatua juu ya ukingo wa kesingi badala ya kushuka kisimani. Rehema alichagua umbali wa milimita 55 kutoka kitovu. Kwenye skrini palionekana peupe kabisa, nafasi tele pande zote. Mwingine angechapa na kwenda kunywa chai.

Yeye ana tabia moja aliyoitoa chuoni, ya kuandika orodha ya kila kitu kilichomo kwenye duara kwa kupima kutoka kitovu kwenda nje. Hatumii vipenyo. Anatumia umbali kutoka kitovu tu, mahali kitu kinapoanza na mahali kinapoishia. Alichukua karatasi ya risiti ya vifaa, akaigeuza nyuma, akaandika kwa penseli:

bomba la maji: 0 hadi 30
tundu la waya: 40 hadi 70
matundu ya bolti: 49 hadi 71
kesingi, ukuta wa ndani: 79
ukingo wa pleti: 142.5

Mstari wa tatu aliupata kwa kuugawa mduara wa 120 kwa mbili, ikawa 60, halafu akatoa na kujumlisha 11, ambayo ni nusu ya tundu la 22. Kisha akakaa akiitazama ile karatasi. Nilimwona kwa sababu aliacha kugusa kipanya, na kwa Rehema hilo ni jambo geni.

Tundu la waya na matundu ya bolti yalikuwa yanapigania eneo moja la chuma. Akajaribu kulisogeza tundu la waya liangukie katikati kabisa ya bolti mbili, labda litapita. Hesabu ikakataa: kutoka kitovu cha tundu la waya hadi kitovu cha tundu la bolti lililo jirani ni milimita 23, na ili yasigusane zinahitajika zaidi ya 26, yaani 15 za tundu moja na 11 za jingine. Kwa vyovyote vile yangekatana. Lakini kwenye skrini hayakukatana. Hayakukaribiana hata kidogo.

"Kaka," akaniambia, "picha na namba hazisemi kitu kimoja."

Mimi nilimjibu kwa kujiamini sana kwamba tundu la waya ndilo jipya, kwa hiyo yeye ndiye aliyeliweka vibaya. Naliandika hapa ili nisijifanye nilikuwa mwerevu. Hakubishana nami. Akauweka mshale kwenye mstari wa nne wa karatasi yake, ule wa kesingi, akaniuliza: flenji inaanzia wapi?

Flenji inaanzia pale kesingi inapoishia, kwa sababu imevalishwa juu yake na kuchomelewa. Nje ya kesingi ni milimita 84 kutoka kitovu. Kwa hiyo chuma chote cha flenji, pamoja na matundu yake ya bolti, kipo kuanzia 84 kwenda nje. Matundu ya mchoro wetu yalikuwa yanaishia 71. Ukitoboa pleti kwa namba ile, kisha ukaiweka juu ya kisima, matundu yote nane yanatazama shimoni. Chini yake hakuna flenji, kuna giza na maji. Bolti ukiisukuma haishiki kitu. Inapita.

Na bolti ikidondoka kisimani si hasara ya bolti. Pampu ya inchi 4 ndani ya kesingi ya inchi 6 inaacha mwanya wa milimita 30 hivi kila upande, na kichwa cha bolti ya M20 kina upana wa milimita 30 hasa. Ikitua kwenye mwanya huo inakwama kama kabari, na siku ya kuinua pampu utavuta mpaka bomba likatike. Mafundi wa visima ndio maana huziba mdomo kwa gunia hata wanapofunga nati moja.

Hapo ndipo aliposimama akashuka karakana, nami nikamfuata.

Fundi mkuu, ambaye wote tunamwita Mzee, alikuwa ameinama mezani. Duara la pleti lilikwishakatwa kwa gesi na kusawazishwa kwenye lezi. Alikuwa amelipaka chokaa, akafungua bikari ya chuma milimita 60, akazungusha mduara, akaugawa mara nane, na kwenye kila alama akapiga senta panchi. Vishimo vinane viling'aa kwenye chokaa, vimejikusanya karibu na katikati kama vifaranga. Nje yake kulibaki ukanda mpana wa chuma kitupu, zaidi ya sentimita 7 hadi ukingoni. Drili ilikuwa imeshafungwa biti ya 22.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba binti. Tundu la waya umeniletea?"

"Bado Mzee. Naomba usitoboe kwanza. Nadhani ule mduara wa bolti si 120."

Mzee hakukasirika. Alichomoa rula ya chuma mfukoni mwa ovaroli, akautandaza mchoro wa karatasi juu ya pleti, akaiweka rula kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu linalotazamana nalo. Akamwita Rehema asome mwenyewe.

Rula ilisema 120.

Namkumbuka Mzee alivyoirudisha rula mfukoni, taratibu, bila neno. Kwa mtu yeyote aliyesimama pale kesi ilikuwa imekwisha. Maandishi yanasema 120, kipimo cha karatasi kinasema 120. Unataka ushahidi gani tena?

Rehema akaomba rula. Hakurudia kupima matundu. Akapima ukingo wa pleti kwenye karatasi ileile, kutoka upande hadi upande, akapata milimita 142 na nusu. Akamwonyesha Mzee maandishi ya ukingo: Ø285. Kisha akaonyesha kile kisanduku cha chini kulia ambacho hatukuwa tumekitazama sote watatu: skeli 1:2.

Mchoro ulikuwa umechapwa nusu ya ukubwa halisi. Kila milimita ya karatasi ni mbili za chuma. Kama ukingo unapima 142.5 na kwa kweli ni 285, basi matundu yanayopima 120 kwa kweli yapo kwenye mduara wa 240. Na nusu kipenyo cha 240 ni 120. Kwa skeli ya 1:2, kipenyo kikipimwa kwenye karatasi kinatoa daima namba ileile ya nusu kipenyo halisi. Aliyeandika alisahau nusu, karatasi nayo ilikuwa imepunguza nusu, na makosa mawili yakapeana mikono mbele ya rula. Kwa skeli ya 1:1 rula ingesema 240 na Mzee angepiga kelele saa tatu asubuhi. Kwa skeli ya 1:5 ingesema 48 na mtu angeuliza. Ni 1:2 tu iliyoweza kutudanganya hivyo, na 1:2 ndiyo skeli inayoingia vizuri kwenye karatasi ya A3 kwa kitu cha ukubwa huu.

Mzee akaguna, akaitazama pleti upya. "Nilijiuliza," akasema, "mbona chuma chote hiki kinabaki nje bila kazi." Alijiuliza, lakini flenji hajaiona kwa macho, mchoro una namba, na fundi anayeubishia mchoro bila kuona kitu chenyewe hujitafutia ugomvi. Simlaumu. Kilichomnyima uwezo wa kubisha ni kwamba mchoro ulikuwa na sura moja tu, ya juu. Kama pangekuwa na sura ya pembeni iliyokatwa, inayoonyesha pleti, gasketi, flenji na kesingi, hata mtoto angeona bolti zinaning'inia ndani ya bomba.

Mpaka hapo Rehema alikuwa na hoja nzito, lakini hoja ya mezani. Picha ilisema 240, na picha nayo imechorwa na mtu. Flenji ilikuwa imeshachomelewa kijijini, na ndiyo yenye neno la mwisho. Akampigia fundi wa eneo la kazi.

"Mbukwenyi," sauti ikajibu kwa salamu ya Kigogo, na nyuma yake upepo wa Bahi ukipuliza kwenye simu.

Hakumuuliza "mduara wa bolti ni ngapi". Mduara ule hauonekani, na mtu akiulizwa hivyo atakisia. Alimwomba vipimo viwili ambavyo tepu inaweza kuvishika. Cha kwanza, chukua tundu moja na lile linalotazamana nalo, pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza hadi ukingo wa kushoto wa tundu la pili. Kushoto kwa kushoto. Ukifanya hivyo huna haja ya kutafuta katikati ya tundu, kwa sababu umesogea nusu tundu kuelekea upande uleule kote kuwili, na unachosoma ni umbali wa kitovu kwa kitovu. Njia hii inataka matundu yawe ya idadi shufwa. Flenji ya matundu matano haina tundu linalotazamana na jingine, na hapo inabidi kutegemea kipimo cha pili peke yake.

Cha pili ni matundu mawili jirani, kwa mtindo uleule wa kushoto kwa kushoto. Kwa matundu nane, umbali huo ukizidishwa kwa 2.613 unatoa kipenyo cha mduara. Anayetaka kujua namba hiyo imetoka wapi, ni hii:

```
kipenyo = umbali / sin(180/n)
n = 8: sin(22.5) = 0.3827
```

Dakika chache baadaye majibu yakaja. Ya kutazamana: 240. Ya jirani: "tisini na mbili kasoro kidogo". Mduara wa 240 unadai 91.8, na ule wa 120 ungedai 45.9. Hapo hapakuwa na nafasi ya kubishana. Fundi akaongeza mwenyewe kwamba ukingo wa nje wa flenji ni 285.

Hilo la ukingo lilikuwa na faida ambayo hakuikusudia. Flenji ya milimita 150 ya daraja la PN16, iliyo ya kawaida kwenye kazi za maji, ina ukingo wa 285, mduara wa bolti wa 240, matundu nane ya 22. Flenji ya Kimarekani ya inchi 6, daraja la 150, nayo ina matundu manane, lakini mduara wake ni 241.3 na ukingo ni milimita 279. Kati ya 240 na 241.3 tepu iliyochakaa haiwezi kuamua. Kati ya 285 na 279 inaamua. Hapa hata tungekosea flenji bolti zingeingia, maana tofauti ni chini ya milimita moja kwa kila tundu na bolti ya 20 kwenye tundu la 22 ina uhuru wa milimita 2. Sehemu nyingine uhuru huo haupo.

Jioni Rehema alirudi kwenye kompyuta kutafuta kosa lilivyozaliwa, kwa sababu picha ilikuwa sahihi na maandishi yamekosea, na hali hiyo haiji hivihivi. Kwenye AutoCAD, ukiomba programu ipime mduara yenyewe, inaandika kipenyo au nusu kipenyo na alama yake sahihi, na ukibadilisha mduara namba inabadilika. Yale maandishi yetu hayakuwa kipimo. Yalikuwa maneno yaliyochapwa kwa mkono kwenye ncha ya mshale, na alama ya kipenyo ikaingizwa kwa `%%c`. Maneno hayajui lolote kuhusu mduara uliopo chini yake.

Na namba 120 ilitoka wapi? Alichagua ule mduara wa vikato, akaandika amri ya `LIST`, skrini ikamjibu:

```
      center point, X= 0.0000  Y= 0.0000  Z= 0.0000
            radius  120.0000
     circumference  753.9822
              area  45238.9342
```

Kipenyo hakimo. Amri hiyo inatoa nusu kipenyo, mzingo na eneo, kipenyo hakitaji kabisa. Mwenzetu alitaka kujikumbusha mduara ni ngapi, akasoma 120, mkono ukaandika alama uliyozoea kuandika kwenye matundu. Aliporudi kutoka msibani alikiri ndivyo alivyofanya, na kwamba amefanya hivyo mara nyingi, mara zote akikumbuka kuzidisha kwa mbili isipokuwa ile moja.

Lugha yetu nayo inachangia kidogo. Kipenyo na nusu kipenyo ni neno moja lenye kichwa na lisilo na kichwa. Ukilisema kwenye simu, grainda inalia, "nusu" ikamezwa, aliyeko upande wa pili anabaki na kipenyo kamili na anaamini amesikia vizuri. Ndiyo maana Rehema sasa, akizungumza na karakana, husema "toka kitovu" badala ya nusu kipenyo. "Toka kitovu mia ishirini" haiwezi kupotea ikawa kitu kingine.

Kosa hili lina upande mmoja wenye hatari kuliko mwingine. Kama mwenzetu angekosea kinyume, akaandika R240 mahali pa Ø240, Mzee angefungua bikari milimita 240 na kuchora hewani, kwa sababu pleti inaishia 142.5. Kosa lingejifichua kwenye meza ya kazi kabla ya panchi. Lakini nusu kipenyo kinapovishwa alama ya kipenyo, mduara unasinyaa, na kilichosinyaa kinaenea ndani ya chuma bila tatizo. Bila lile tundu la waya, pleti ile ingetobolewa vizuri, ikapakwa rangi, ikapanda gari. Kati ya tundu na tundu kungebaki milimita 24 za chuma, na kati ya matundu na bomba la maji milimita 19. Hakuna ambacho kingegusana.

Toleo la pili lilitoka saa kumi. Rehema alifuta yale maneno, akaiambia programu ipime mduara yenyewe, ikaandika Ø240. Pembeni akaongeza 91.8 ndani ya mabano, umbali wa tundu hadi tundu. Mabano kwenye mchoro wa kiufundi yanamaanisha kipimo cha kusaidia, hakitumiki kutengenezea bali kuhakikishia, na Mzee anaweza kukishika kwa kalipa baada ya kupiga panchi. Kisha akachora kesingi kwa mstari mwembamba wa vikato na nukta, ingawa kesingi si kazi yetu na hatuitengenezi. Bosi alimuuliza kwa nini anapoteza wino kuchora kitu ambacho mteja anacho tayari. Akajibu ili aonekane anayekaa chini ya matundu. Tundu la waya likabaki palepale, 55 toka kitovu. Kumbe liliwekwa sawa tangu mwanzo, nami sijasahau nilichomwambia.

Kuhusu pleti, swali lilikuwa kama ikatwe nyingine. Vishimo vya panchi vina kina cha milimita moja hivi, na kwenye chuma cha unene wa 20 havipunguzi kitu. Gasketi nayo haivigusi, kwa sababu inakaa kuanzia 84 kwenda nje, na vishimo vipo 60. Mzee alifikiri kidogo, akaigeuza pleti juu chini, akaipaka chokaa upande wa pili na kufungua bikari milimita 120. Alipomaliza kupiga panchi alimpa Rehema kalipa, akasimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe. Rehema alipima jirani zote nane, moja baada ya nyingine. Ndogo kabisa ilikuwa 91.6 na kubwa 92.1.

Ijumaa mchana fundi alipiga simu kutoka Bahi kusema bolti zimeingia zote kwa mkono, isipokuwa moja iliyotaka kugongwa kidogo. Vile vishimo vinane vya kwanza bado vipo, vinatazama chini, kisimani.